Kadi ya kisa kimoja, kadi za hatua au kadi pacha? Namna tatu za kugeuza mhadhara wa maadili kuwa mjadala wa kikundi kidogo

Mhadhara wa maadili ukiisha, daftari hubaki na vitu vya aina mbili: kanuni zilizotamkwa kwa uhakika, na mifano iliyopitiwa harakaharaka ili kanuni zieleweke. Kikundi cha watu wanne hadi sita kikikutana kuurudia, kanuni peke yake hazileti mjadala. Nani atabisha kwamba siri ya mgonjwa itunzwe? Kadi ya kisa huleta mjadala kwa sababu inaiweka kanuni mahali inapobanwa na wajibu mwingine, kisha inamtaka msomaji aamue atafanya nini.

Wengi hawakwami kwenye kuamua kama watengeneze kadi. Wanakwama kwenye aina. Hapa ninalinganisha aina tatu: kadi ya kisa kimoja kifupi, kadi za hatua zinazofunua kisa kidogo kidogo, na kadi pacha, yaani visa viwili vinavyofanana kila kitu isipokuwa jambo moja. Kadi za kuigiza wahusika nimeziacha nje, kwa kuwa zinadai watu wanaopenda kuigiza, na kikundi cha kusoma mara nyingi hakina.

## Vigezo

Nitazipima kwa mambo manne.

La kwanza ni kile ambacho kadi inabeba kutoka kwenye mhadhara. Mhadhara mzuri wa maadili huwa na kanuni, mipaka ya kanuni hiyo, na utaratibu wa kufuata pale kanuni inapogongana na nyingine. Hakuna aina ya kadi inayobeba vyote vitatu kwa uzito uleule, na hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo.

La pili ni kazi ya kuandaa. La tatu ni mwenendo wa mjadala: unachukua muda gani, na je, wote wanapata nafasi ya kusema. La nne ni namna kadi inavyoharibika, na dalili zitakazokuonyesha kwamba imeharibika.

## Mhadhara tutakaoutumia

Ili ulinganisho uwe wa haki, aina zote tatu zitatoka kwenye mhadhara mmoja kuhusu usiri katika tiba. Tuseme mhadhiri alifundisha mambo manne. Taarifa ambazo mgonjwa anatoa akitibiwa ni siri. Siri hiyo ina mipaka: inaweza kufunguliwa mgonjwa akiridhia, sheria ikilazimisha, au kukiwa na hatari kubwa kwa mtu mwingine anayetambulika. Ikibidi kufunguliwa, itolewe taarifa ile tu inayohitajika, kwa yule tu anayeihitaji. Na ikiwezekana, mgonjwa aambiwe kabla.

Usikimbilie kutunga kisa. Pitia daftari ukigawa ukurasa safu mbili. Kushoto andika kila sentensi iliyosema "lazima" au "ni wajibu". Kulia andika kila mahali mhadhiri aliposema "isipokuwa", "ikiwezekana", "kubwa", "anayehitaji". Safu ya kushoto ni ya kukariri. Kadi zinatoka safu ya kulia, kwa sababu kila neno la upande huo linaficha swali ambalo mhadhiri hakupata muda wa kulijibu. Hatari ni kubwa kuanzia wapi? Abiria wa basi ambao hawajapanda bado, je, ni watu wanaotambulika? "Ikiwezekana" inakoma lini?

Jambo jingine la kuliweka sawa kabla ya kuanza ni sheria. Chukua daktari anayegundua kwamba dereva ana kifafa. Kalifonia inamlazimisha daktari kuripoti wagonjwa wenye matatizo ya kupoteza fahamu. Uingereza wajibu wa kwanza wa kuijulisha mamlaka ya leseni ni wa dereva mwenyewe, na daktari anaingia kati dereva akiendelea kuendesha kinyume cha ushauri. Kadi isiposema sheria ikoje, nusu ya kikundi itajadili maadili na nusu nyingine itajadili sheria bila kujua kwamba wameachana njia. Sentensi moja kwenye kadi inatosha kuzuia hilo.

## Kadi ya kisa kimoja

Inavyotengenezwa. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara mbili na kukatwa hutoa kadi nne za ukubwa wa A6. Upande wa mbele una kisa, upande wa nyuma una maswali. Kisa kinachozidi maneno themanini au tisini hivi hakisomeki kwa sauti bila watu kusahau mwanzo wake. Hiki hapa kimoja:

> Dereva wa basi la abiria anamweleza daktari kwamba alizimia mara mbili katika miezi mitatu iliyopita, zote akiwa nyumbani. Uchunguzi unaonyesha kifafa. Daktari anamshauri aache kuendesha. Dereva anakataa: ugonjwa ukijulikana kazini, atafukuzwa. Anaomba siri yake itunzwe. Kesho alfajiri ana safari. Hapo walipo, sheria inamruhusu daktari kutoa taarifa lakini haimlazimishi.

Na nyuma yake:

> 1. Wewe ndiye daktari. Unamwambia nini dereva kabla hajatoka chumbani, na akishatoka unafanya nini?
> 2. Ukitoa taarifa, unampa nani, na ni mambo gani unayaacha bila kuyasema?
> 3. Taja jambo moja katika kisa hiki ambalo likibadilika, nawe utabadili uamuzi wako.

Inachobeba. Inabeba mgongano wenyewe, na inaubeba vizuri. Lawrence Kohlberg alijenga utafiti wake wa tasnifu ya mwaka 1958 juu ya visa vifupi vya aina hii. Kinachojulikana zaidi ni kile cha Heinz, ambaye mkewe anakaribia kufa na mwenye dawa anataka bei asiyoimudu. Kohlberg hakujali sana kama msikilizaji angejibu "aibe" au "asiibe". Alifuatilia sababu alizotoa. Kadi ya kisa kimoja inafaa kwa kazi hiyohiyo. Inachokosa ni utaratibu. Sharti la kumwambia mgonjwa kabla linaingia kwenye swali la kwanza kwa ubavu tu, na wengi watalipita bila kuliona.

Kazi ya kuandaa. Ni ndogo kuliko aina nyingine. Mtu aliyeusikiliza mhadhara anaweza kutoa kadi tatu au nne kwa jioni moja. Sehemu ngumu ni kupunguza. Rasimu ya kwanza huwa na jina la dereva, idadi ya watoto wake na tabia ya mwajiri. Ondoa kila kinachoweza kuondoka bila uamuzi kubadilika.

Mjadala unavyokwenda. Hesabu dakika kumi na tano kwa kadi moja. Mjadala unaanza haraka, unafika kileleni mapema, kisha unalegea. Kikundi cha watu wenye haya hufaidika kwa kuwa kila kadi ni mwanzo mpya, na aliyenyamaza kwenye ya kwanza anaweza kuifungua ya pili.

Inapoharibika. Dalili ya kwanza ni watu wote kukubaliana ndani ya dakika mbili. Hapo kisa hakina mgongano, au kimemchora mtu mmoja kuwa mbaya. Neno moja kama "mzembe" likifuata "dereva" linatosha kummalizia daktari kazi ya kufikiri. Dalili ya pili ni washiriki kuanza kutunga: "labda ana ndugu wa kumsaidia", "labda kampuni ina kazi nyingine". Mara nyingi wanatafuta mlango wa kutokea ili wasichague. Kama ni mlango mmoja tu unaorudiwarudiwa, ufunge kwa sentensi moja kwenye kadi. Ikiwa kila mmoja ana wake, maswali yako hayajawabana vya kutosha.

Inamfaa nani. Kikundi kinachokutana kwa muda mfupi, watu wasiofahamiana, au mhadhara uliogusa mada nyingi bila kuzama kwenye hata moja.

## Kadi za hatua

Inavyotengenezwa. Kisa kilekile kinagawanywa kwenye kadi tatu au nne zinazofunuliwa moja baada ya nyingine. Kikundi hakiruhusiwi kuiona inayofuata kabla hakijaamua juu ya iliyo mezani.

> Kadi 1. Dereva wa basi anamweleza daktari kwamba alizimia mara moja nyumbani. Sababu haijajulikana, majibu ya vipimo yatachukua siku kadhaa. Wiki hii yote yuko zamu.
>
> Kadi 2. Majibu yametoka: ni kifafa. Dereva ameanza dawa na ameahidi kuomba likizo. Daktari ameandika ahadi hiyo kwenye jalada.
>
> Kadi 3. Wiki mbili baadaye, muuguzi wa zahanati hiyo anamwona dereva kwenye usukani wa basi lenye abiria. Anamweleza daktari.
>
> Kadi 4. Daktari anampigia dereva simu. Dereva anasema hajazimia tena tangu aanze dawa, ana mkopo anaolipa, na anaomba apewe mwezi mmoja tu.

Swali kwenye kila kadi ni lilelile: ni hatua gani ndogo kabisa inayotosha sasa, na ni hatua gani uliyobaki nayo kama hii haitafaulu? Ninalirudia kwa makusudi. Maswali yakibadilika kila kadi, kikundi kinashughulika na maneno ya swali na kusahau kulinganisha uamuzi wa leo na wa kadi iliyotangulia.

Inachobeba. Hapa utaratibu ndio unaong'ara. Kushawishi kwanza, kushauriana na mwenzako, kumwarifu mgonjwa kwamba sasa utasema, kisha kusema kidogo kwa anayehusika: mambo haya yanapata kila moja nafasi yake. Kadi ya kwanza inafundisha kitu ambacho kisa kimoja hakikigusi kabisa, nacho ni kuamua kabla ya kuwa na uhakika. Kadi ya tatu inaleta swali ambalo mhadhara wetu haukulitaja waziwazi. Muuguzi alimwona dereva nje ya matibabu. Je, alichokiona barabarani nacho ni siri ya mgonjwa? Mhadhiri akisikia kikundi kimelifikia hilo, atajua mhadhara ulifika.

Kinachopungua ni ukali wa mpaka. Kwa kuwa mambo mengi yanabadilika kutoka kadi hadi kadi, ni vigumu kusema ni jambo gani hasa lililowasogeza watu. Wanafika kwenye "sasa imetosha" bila kujua kilichotosha ni kipi.

Kazi ya kuandaa. Ni kubwa. Kila kadi lazima ibaki na maana hata kama kikundi kiliamua tofauti na ulivyotarajia. Ikiwa kwenye kadi ya kwanza wameamua kumjulisha mwajiri palepale, kadi ya pili inayosema dereva "ameahidi kuomba likizo" inaonekana imewapuuza. Dawa yake ni kuandika kadi kama habari za mambo yaliyotokea nje ya uwezo wa daktari, na kuandaa sentensi moja ya kuunganisha: "Tuseme mwajiri alipokea taarifa lakini hakuchukua hatua." Soma mfululizo mzima mara mbili, mara ya pili ukijifanya mtu aliyechagua njia kali tangu mwanzo.

Mjadala unavyokwenda. Kisa kizima kinakula dakika arobaini hadi hamsini. Joto linapanda polepole, na watu hujikuta wanautetea uamuzi wao wa zamani kwa sababu tu ni wao walioufanya. Hilo lina faida ukiwauliza waziwazi: "Mngeanza leo, na kadi hii ya tatu peke yake, mngeamua hivihivi?" Hasara ni kwamba msemaji hodari wa kadi ya kwanza hushika usukani hadi ya mwisho. Kila kadi ifunguliwe na mtu tofauti.

Inapoharibika. Kosa kubwa ni kuongeza kadi ya tano ambayo basi linapata ajali. Inavutia, kwa sababu hadithi zinataka mwisho. Lakini ikishafunuliwa, kikundi kinaacha kupima uamuzi kwa yale ambayo daktari aliyajua na kuanza kuupima kwa yaliyotokea baadaye. Waliochagua kusubiri wanaonekana wapumbavu, ingawa sababu zao hazijabadilika hata kidogo. Mfululizo ukomee mahali ambapo uamuzi bado ni mgumu. Dalili nyingine ya kuharibika ni watu kuuliza "kadi inayofuata inasemaje?" kabla hawajamaliza iliyo mezani, ujue wanaisubiri hadithi iwaamulie.

Inamfaa nani. Kikundi kinachokutana mara kwa mara na kina saa nzima au zaidi, na wanaojiandaa kwa kazi ambayo maamuzi huja vipande vipande: wauguzi, madaktari, wanasheria, wafanyakazi wa ustawi wa jamii.

## Kadi pacha

Inavyotengenezwa. Andika kisa kimoja, kisha kinakili neno kwa neno na ubadilishe jambo moja tu. Kadi A ni ile ya dereva wa basi niliyoitoa kwenye sehemu ya kadi ya kisa kimoja. Pacha wake wa kwanza:

> Kadi B. Kila kitu kama Kadi A, isipokuwa: mgonjwa ni mtunza stoo wa kampuni hiyohiyo ya mabasi, na haendeshi gari. Akizimia, ataanguka kati ya rafu za vipuri, akiwa peke yake.

Na pacha mwingine, ambaye naona ndiye mwenye mafunzo zaidi:

> Kadi C. Kila kitu kama Kadi A, isipokuwa: mgonjwa si dereva wa basi. Anaendesha gari lake mwenyewe, na kila asubuhi humpeleka shule mtoto wake mmoja, ambaye daktari anamfahamu kwa jina.

Swali la kadi pacha ni moja, lenye sehemu mbili: je, uamuzi wako ni uleule kwenye kadi zote mbili, na kama umebadilika, ni sehemu gani ya mhadhara inayoruhusu tofauti hiyo?

Inachobeba. Mipaka ya kanuni, kwa ukali ambao aina nyingine mbili hazifikii. Weka A kando ya C uone. Mhadhiri alisema hatari iwe kwa mtu "anayetambulika". Mtoto kwenye Kadi C anatambulika kabisa. Abiria wa kesho kwenye Kadi A hawana majina, ila ni wengi. Anayeshika maneno ya mhadhara kama yalivyo atafungua siri kwa ajili ya mtoto mmoja na kuitunza mbele ya basi zima. Wengi hawako tayari kukubali hilo, kwa hiyo inabidi ama waseme kwamba "anayetambulika" lilikuwa neno baya, ama waeleze kwa nini basi ni suala la usalama wa umma lenye kanuni yake nyingine. Hayo yote yanatoka kwenye badiliko la mstari mmoja.

Njia hii ya kupima kisa kigumu kwa kukilinganisha na kilicho wazi ni ya zamani sana katika fikra za maadili. Mwaka 1988 Albert Jonsen na Stephen Toulmin waliitetea upya, wakisema kwamba mara nyingi tunaafikiana juu ya kisa mahususi hata pale tusipoafikiana juu ya nadharia. Kadi B ina kazi hiyohiyo. Ni kisa ambacho karibu kila mtu atasema siri itunzwe, hivyo kinakupa mahali pa kusimama kabla ya kuelekea kwenye kigumu.

Kazi ya kuandaa. Kuandika ni haraka, kuchagua kunachukua muda. Lazima ujue ni jambo gani unalolishuku kwamba linabeba uzito. Rudi kwenye safu ya kulia ya daftari: kila neno la pale linaweza kuwa badiliko la pacha mmoja.

Mjadala unavyokwenda. Dakika ishirini hadi ishirini na tano kwa jozi. Mjadala ni mtulivu zaidi, wa kuchimba, na kwa watu wanaopenda hadithi unaweza kuonekana mkavu. Unawapendelea wenye kupenda mantiki, na mwenye mwelekeo wa huruma anaweza kudhani hana la kuchangia. Mwombe yeye aseme ni nani anayeumia zaidi kwenye kila kadi.

Inapoharibika. Kubadilisha mambo mawili bila kujua. Kama kwenye Kadi C ungeongeza kwamba mgonjwa ameahidi kuacha kuendesha baada ya wiki, huwezi tena kusema kama watu walivutwa na mtoto au na ahadi. Utaligundua pale wawili wanaokubaliana juu ya uamuzi wanapotoa sababu zisizogusana kabisa. Kadi B yetu yenyewe iko karibu na kosa hili, maana inabadilisha kazi ya mgonjwa na pia inamfanya mwenye hatari awe yeye mwenyewe. Nimeiacha kwa kuwa mambo hayo mawili hayatenganishwi kirahisi, lakini kiongozi wa mjadala anapaswa kulijua hilo kabla ya kukaa mezani.

Kikundi kikijibu vilevile kwenye kadi zote mbili na kwa sababu zilezile, usiharakishe kuzitupa. Huenda mhadhara ulidai kwamba jambo hilo ni zito, na kikundi kimegundua kwamba halina uzito. Waulize hivyo.

Inamfaa nani. Kikundi kilichokwisha kuuelewa mhadhara na kinachojiandaa kwa mtihani wa insha au kwa kuandika, na mhadhara uliojaa masharti na vipengele.

## Mhadhara ukitumia kisa cha kweli

Mihadhara mingi ya usiri humtaja Tatiana Tarasoff. Mwaka 1969 mgonjwa wa kliniki ya chuo kikuu huko Kalifonia alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumuua Tatiana. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, wakamshika mgonjwa kwa muda mfupi, wakamwachia alipoonekana mwenye akili timamu. Tatiana wakati huo alikuwa Brazili. Hakuna aliyemwonya yeye wala wazazi wake. Aliporudi, aliuawa. Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilitoa uamuzi mwaka 1974 uliozungumzia wajibu wa kuonya, kisha ikasikiliza upya na mwaka 1976 ikauweka kuwa wajibu wa kulinda.

Kwenye kadi ya kisa kimoja, kisa hiki kinapoteza nguvu kwa sababu karibu wote wanaujua mwisho. Kwenye kadi za hatua kinafanya kazi ukibadilisha majina na kukomea polisi walipomwachia mgonjwa: umeshatoa taarifa mara moja na haikusaidia, je, wajibu wako umekwisha? Kwa kadi pacha, hazina iko kwenye maamuzi mawili ya mahakama. Kadi A inamtaka mtaalamu amwonye anayelengwa. Kadi B inamtaka amlinde kwa njia yoyote inayofaa, ambayo inaweza kuwa kumwonya, kuwaita polisi au hatua nyingine. Kikundi kitaona haraka kwamba wajibu wa pili ni mpana zaidi na pia unaacha nafasi kubwa zaidi ya kukosea.

## Maswali, kwa aina zote

Kuna mambo mawili nisingeyaacha, kadi iwe ya aina gani. La kwanza: kila mtu aandike uamuzi wake kwa mstari mmoja kabla ya yeyote kufungua mdomo. Kwenye kikundi cha watano, msemaji wa kwanza huwavuta wengine wawili bila kukusudia, na ukishapoteza tofauti hizo huzipati tena.

La pili: swali lisitaje jina la kanuni. Ukiuliza "je, kanuni ya kutodhuru inasemaje hapa?", utapata marudio ya daftari. Uliza "nani ataamka kesho akiwa na hali mbaya zaidi kwa sababu ya uamuzi wako, na utamwambia nini?" Kanuni zitajitokeza zenyewe, na zisipojitokeza umejua ni sehemu gani ya mhadhara haikuingia. Swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana lifae kufungulia tu, lisiwe la kufungia.

## Uchague ipi?

Mkiwa na nusu saa na mhadhara uliogusa mambo mengi, chukua kadi mbili za kisa kimoja, zitoke sehemu tofauti za mhadhara.

Mkiwa na saa moja na nusu na mada moja, anza na kadi za hatua, kisha malizia kwa jozi moja ya kadi pacha inayotenga lile jambo lililozua ubishi mkubwa zaidi kwenye hatua. Ubishi ukiwa kwenye Kadi 4, kwa mfano, pacha wake ni kadi ileile ambayo dereva hana mkopo.

Kama ndani ya kikundi yumo aliyekosa mhadhara, kadi ya kisa kimoja inamweka sawa na wenzake. Kadi pacha zitamwacha nyuma kwa sababu zinadai kujua maneno ya mhadhiri.

Kama mnakaribia mtihani na majibu yenu yanarudi na maoni ya "umeeleza kanuni lakini hujaitumia", tumieni kadi pacha, na kila mmoja aandike aya moja baada ya jozi.

Kama kiongozi wa mjadala ni yuleyule kila mara na amechoka, aina inayogawanyika kirahisi ni kadi ya kisa kimoja: kila mshiriki alete moja, iliyotoka kwenye mstari wake mwenyewe wa safu ya kulia.

Na kama mmoja wenu anafanya kazi ambayo kadi zinaizungumzia, au ana ugonjwa unaotajwa, mwonyesheni kadi siku moja kabla. Dereva mwenye kifafa anaweza kuwa kaka yake. Akitaka ibadilishwe, dereva anaweza kuwa rubani na kifafa kikawa kupungua kwa uwezo wa kuona, na mgongano ukabaki uleule.